Kumtafuta mfanyakazi mwenzako wa zamani: kuanzia meseji ya kwanza mpaka kikombe cha kahawa

Mara ya kwanza nilipomwandikia Zuhura (jina lake nimelibadilisha) nilituma neno moja tu: "Mambo." Ilikuwa saa tano usiku. Kesho yake akajibu, "Nani mwenzangu?" Nami, kwa kudhani ndiyo bashasha, nikaandika, "Umenisahau mara hii?" Hakujibu tena. Miaka miwili ikapita juu ya ile mingi iliyokwisha kupita.

Tulifanya kazi pamoja katika ghala moja la mkonge hapa Tanga, tangu 2011 mpaka 2016. Mimi nilikuwa wa mizani, yeye akiandika daftari la mzigo unaoingia na unaotoka. Tulikula chakula cha mchana sahani moja. Mkataba ulipokwisha kila mtu akashika njia yake, na bila ugomvi wowote tukapoteana. Baadaye aliponieleza kwa nini hakuijibu ile meseji, nilielewa kosa langu lilikuwa wapi, na ndilo linalowakwamisha wengi.

Mtu aliyekaa kimya miaka minane akikuibukia kwenye simu, akili inakwenda haraka kwenye mambo matatu. La kwanza, ni tapeli. Nani hajawahi kupokea ile "hela tuma kwenye namba hii"? La pili, ni kadi ya mchango wa harusi inakuja. La tatu, anataka kunipiga mzinga. Mpokeaji haanzi kujiuliza kama anakupenda au amekusahau, anaanza kujiuliza utamgharimu kiasi gani. Kwa hiyo kazi ya meseji yako ya kwanza ni kuyaondoa hayo matatu kabla hajaifunga simu, kisha kumpa jambo dogo ambalo ni rahisi kulikubali na rahisi kulikataa. Mengine yote katika mwongozo huu yanatokana na hilo.

Kwanza jua ni kimya cha namna gani

Kuna kimya cha kupoteana na kuna kimya cha kinyongo. Njia ninayoieleza hapa ni ya kile cha kupoteana. Kama uliondoka na deni lake, hata la elfu ishirini, usimwalike kahawa. Mwandikie kwamba unalikumbuka, mrudishie, halafu subiri. Kahawa itakuja yenyewe au haitakuja. Na kama mlitengana kwa maneno makali, mtume kwanza mtu mnayemheshimu wote wawili, kwa sababu meseji iliyoandikwa haina uso wala sauti, na kila neno atalisoma kwa hasira alizobaki nazo.

Jiulize pia unataka nini hasa. Kama una shida mahususi, kwa mfano unataka kujua kampuni aliyopo sasa inaajiri vipi, ni halali kabisa, lakini iseme ndani ya meseji. Kitu kinachoua uhusiano ni kuandika "nakusalimia tu" halafu siku mnapokutana unatoa fomu ya kujiunga na biashara. Atajiona amedanganywa, na ukimtafuta mara ya tatu hutampata.

Namba yake ya zamani huenda si yake tena

Kabla ya jaribio la "Mambo", niliwahi kupiga namba ya Zuhura niliyokuwa nayo tangu tukiwa kazini. Akapokea mwanamume, na nyuma yake nikasikia sauti ya mkewe akiuliza huyo Zuhura ni nani. Nilimharibia mtu jioni yake bure.

Jambo hili ni la kawaida. Laini isiyotumika kwa miezi hufungwa, na namba ikapewa mteja mwingine. Zaidi ya hapo, kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchi nzima, na watu wengi walianza upya na namba mpya. Kama kitabu chako cha majina ni cha kabla ya hapo, usikiamini. Wala usiseme "hii ni namba ya mtandao fulani, lazima ni yake", kwa kuwa tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ileile.

Kuna njia mbili za kuhakikisha. Ya kwanza, ambayo naipenda zaidi, ni kumuuliza mtu mliyefanya naye kazi: dereva, mlinzi, mama aliyewapikia. Mimi nilimpata mzee mmoja aliyekuwa akiendesha lori la ghala, siku hizi anashinda kibarazani Ngamiani akicheza bao. Namba alinipa, na pamoja nayo akanipa mambo ambayo simu haiwezi kunipa, nitayasema hivi punde. Ya pili ni kutumia huduma ya kutuma pesa kwa simu: weka namba, weka kiasi kidogo, na kabla ya kuthibitisha jina la mwenye laini litaonekana. Lisome, kisha ghairi. Njia hii ina mpaka wake. Laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mume, mtoto au kaka, kwa hiyo jina geni si ushahidi kwamba umekosea. Jina lake likitokea, una uhakika. Lisipotokea, rudi kwa yule mzee wa bao.

Uliza kama amefiwa

Hatua hii watu huiruka, na mimi ndiyo ninayoishikilia kuliko zote. Ndani ya miaka minane mtu anaweza kuwa amezika mzazi, ameachika, amepoteza kazi au ameugua. Ukimwandikia "Shemeji hajambo?" na shemeji alikwisha kufariki, utakuwa umemfungulia kidonda, na yeye atabaki na kazi ya kukueleza.

Yule mzee aliniambia Zuhura alimzika mama yake mwaka uliotangulia, kwamba sasa anaishi Muheza ana duka la nguo za watoto, na kwamba Jumamosi huja Tanga mjini kuchukua mzigo. Mambo hayo matatu yalibadilisha kila kitu nilichokuwa nimepanga kuandika. Pole ya msiba inapokelewa hata ikichelewa mwaka, ila lazima itangulie. Usiibandike mwishoni baada ya kuomba kukutana, maana itaonekana kama kitu ulichokikumbuka njiani.

Kuandika meseji

Andika, usipige. Simu ya ghafla kutoka namba ngeni inamkuta mtu sokoni, msikitini, au mbele ya watu asiotaka wasikie. Meseji anaisoma kwa wakati wake na anapata nafasi ya kukukumbuka. Sauti ya kurekodi nayo iache kwa sasa: watu wengi hawaifungui sauti ya namba wasiyoijua. Na usitume usiku. Saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni panatosha, hasa kama mmoja wenu ni mwanamke na mwingine mwanamume na kila mtu ana wake nyumbani.

Kwenye WhatsApp namba ambayo hajaihifadhi humwonyesha kitufe cha kukuzuia, palepale chini ya maneno yako. Na kwenye kioo kilichofungwa huonekana mstari mmoja au miwili ya mwanzo tu. Kwa hiyo jina lako na mahali mlipofahamiana viwe kwenye mstari wa kwanza kabisa, mara tu baada ya salamu. Usitume salamu peke yake ukisubiri ajibu ndipo ujitambulishe. Kwetu salamu ni heshima, najua, na ni vigumu kuizoea hali ya kumwaga maneno yote kwa mkupuo. Lakini mbele ya namba ngeni, salamu tupu siku hizi ndiyo alama ya tapeli.

Baada ya kujitambulisha, sema namba umeipata kwa nani. Kisha toa kumbukumbu moja, iliyo ndogo na ya kweli, ambayo hakuna mtu wa nje anayeweza kuijua. "Tulifurahi sana enzi zile" haisaidii, hata tapeli anaweza kuiandika. Yangu ilikuwa hii: usiku mmoja wa masika paa la ghala lilivuja juu ya mzigo uliokuwa unasubiri meli. Robota moja la mkonge ni kilo 250, halibebwi na watu wawili. Basi mimi, Zuhura na mlinzi tulisimama tukishikilia turubai la buluu juu ya marobota mpaka mvua ilipokatika, maji yakitutiririka mikononi mpaka kwapani. Turubai hilo ndilo lililonifungulia mlango.

Kisha kimya chenyewe. Kitaje kwa sentensi moja, kibebe wewe, halafu endelea. Usimwambie "ulinitupa" hata kwa utani, na usiombe msamaha aya nzima, kwani hapo utamlazimisha akubembeleze. Hatimaye sema usichokitaka, na sema unachokitaka. Meseji yangu ya mara ya pili ilikuwa hii:

"Assalaam alaykum dada Zuhura. Ni Hamza wa mizani, wa ghala la mkonge. Namba yako nimepewa na mzee wetu wa lori. Kanieleza kuhusu mama. Pole sana dada yangu, Mungu amrehemu, na unisamehe pole yangu imechelewa. Juzi nimepita pale ghalani nikaliona turubai la buluu bado wanalo, nikaikumbuka mvua ile. Mara ya mwisho ulinipigia sikurudisha simu, nami ndiye niliyepotea. Sina mchango wala biashara, nataka kujua hali yako tu. Nasikia Jumamosi huwa unashuka mjini. Tunywe kahawa nusu saa, Jumamosi hii au ijayo, saa nne asubuhi karibu na stendi ya Kange? Au kama ni rahisi zaidi, tuzungumze kwa simu dakika kumi, siku utakayoisema. Ukiwa umebanwa usijali kabisa, nitaelewa."

Ni ndefu kuliko meseji za kawaida, na hilo ni sawa. Urefu wake ndio unaomwonyesha kwamba imeandikwa kwa ajili yake peke yake. Ndiyo maana pia salamu za Idi au Krismasi unazowatumia watu mia moja hazihesabiki. Atajibu "Nawe pia" na mlango utabaki palepale.

Kama vidole vinagoma, kuna jambo moja linalosaidia. Mwaka 2024 watafiti Lara Aknin na Gillian Sandstrom walichapisha uchunguzi wao kuhusu watu wanaotaka kuwaandikia marafiki waliopoteana nao. Hata walipopewa muda, na namba wanayo, chini ya theluthi moja ndio waliotuma. Lakini walipowapa wengine kwanza dakika tatu za kuwaandikia marafiki wa kila siku, ndipo wakawataka wamwandikie yule wa zamani, zaidi ya nusu walituma. Mimi nilifanya hivyo bila kujua utafiti huo: nilimjulia hali kaka yangu, nikamjibu jirani, mkono ukiwa bado una moto nikamtumia Zuhura.

Kahawa au simu, na wapi

Ukimwalika mtu, mpe mahali pamoja na nyakati mbili. "Siku moja tutafutane" si mwaliko, ni kuagana. Taja pia mwisho wa mazungumzo, nusu saa au dakika kumi, kwa sababu mtu anachokiogopa ni kukamatwa asubuhi nzima na mtu ambaye huenda hawana tena la kuzungumza. Mkifurahi mtakaa saa mbili, lakini hizo atakuwa amekupa mwenyewe.

Mahali papimwe kwa safari yake. Zuhura anatoka Muheza, gari yake inaishia Kange. Ningemwambia aje Raskazone kwa sababu napenda upepo wa bahari, ningemwongezea nauli na muda. Anayealika ndiye anayesafiri zaidi, na ndiye anayelipa. Lipa mapema, kabla hamjaanza kuvutana mkono mbele ya mhudumu.

Kuhusu kahawa yenyewe, kwetu Tanga neno hilo lina maana mbili, na usipoziangalia utamweka mtu pabaya. Kuna kahawa chungu ya kibarazani, ya birika na vikombe vidogo visivyo na mikono, na kashata pembeni. Kwa wanaume wawili hapana mahali pazuri kuliko hapo: mazungumzo ya watu wengine yanajaza nafasi pale yenu yanapokatika. Lakini baraza lile ni la wanaume. Mwanamke ukimwalika hapo atakaa akitazamwa. Kwake chagua mkahawa wa wazi wenye meza na watu, mchana, na mwenzio wa nyumbani ajue unakwenda kuonana na nani. Mimi nilikwenda na mke wangu hadi mlangoni, akamsalimia Zuhura, kisha akaenda zake sokoni. Dakika mbili hizo zilitufanya sote tukae kwa amani. Mwezi wa Ramadhani mwaliko wa kahawa ya mchana usiutoe. Ahirisha, au mpigie baada ya tarawehe mkikubaliana.

Simu ni bora pale mtu anapoishi mbali, anapokuwa na watoto wadogo, au unapohisi hana hakika nawe. Panga saa, kisha wewe ndiye upige, tena kwa dakika za kawaida ikiwezekana, maana simu ya intaneti inayokatika-katika huwafanya watu wawili waliopoteana waonekane kama hawana la kusema. Usimbipu. Na usianze na simu ya video. Mtu ana haki ya kukaribisha sauti yako kwanza kabla ya uso wako.

Ukishatuma

Hapa ndipo wengi huharibu. Ukiona tiki moja siku tatu nne, huenda simu imezimwa au namba hiyo haitumii tena huduma hiyo. Tuma ujumbe wa kawaida, uleule, mara moja. Tiki mbili bila jibu maana yake imefika, basi. Usiandike "Mbona kimya?" wala kutuma alama ya kuuliza. Ngoja wiki mbili, kisha tuma neno moja la nyongeza lisilodai chochote, mimi ningetuma picha ya lile turubai na maneno "Nimelipiga picha nikakukumbuka." Likikosa jibu nalo, acha. Namba yako anayo, na mlango umeufunga kwa upole.

Jibu lenyewe lisome vizuri. "Nipo, nashukuru" bila swali la kukurudishia ni adabu, si mwaliko. Shukuru, usisukume tarehe. "Jumamosi sitakuja, labda nyingine" ni ndiyo iliyochoka. Mpe tarehe nyingine moja. Akiuliza "Kwani kuna nini?" bado anahofia mzinga. Mjibu moja kwa moja: hakuna shida yoyote, nilikukumbuka. Usimzungushe.

Zuhura alijibu baada ya siku mbili. "Waalaykum salaam. Hamza wa mizani! Nilijua umeshaenda Oman. Ahsante kwa mama. Jumamosi ijayo, ila saa tano, gari za asubuhi zinajaa."

Mkikutana

Fika kabla yake. Salamu zichukue muda wake wote, zisikatwe: watoto, kazi, afya, nyumba. Huko ndiko mtu anakupima kama umebadilika. Pole ya msiba irudie kwa mdomo hata kama uliiandika, halafu nyamaza, umwache aseme kama anataka. Zuhura alizungumza juu ya mama yake kwa muda mrefu, na kahawa yangu ikapoa, sikuigusa.

Usijaribu kufidia miaka yote kwa kikao kimoja. Nilikuwa nimejiandaa na habari zangu nyingi, nikatoa moja tu. Yanayosaidia mazungumzo yakikauka ni watu mliokuwa nao: nani yuko wapi, nani kazaa, nani kahamia Pangani. Epuka kuwasengenya mabosi wa zamani. Huanza kwa kicheko na kuishia kwa uchungu, na hujui leo yeye anafanya kazi na nani. Na kama uliahidi huna ombi, hata ukikumbuka jambo zuri ambalo yeye angeweza kukusaidia, lifunge mdomoni. Lina siku yake, mwezi mmoja au miwili mbele.

Nusu saa ilipofika nikatazama saa, nikamwambia, "Nilikuahidi nusu saa." Akacheka, akaagiza chai ya pili. Tuliondoka saa saba kasoro.

Kabla hamjaagana, tafuta jambo moja dogo la kuwaunganisha tena, na liwe mikononi mwako. Zuhura alitaka namba ya fundi wa cherehani. Sikumpa palepale, ingawa nilikuwa nayo kwenye simu. Nilimtumia Jumatatu asubuhi, baada ya kumuuliza fundi kama bado anapokea kazi za Muheza, na nikamwandikia mstari mmoja: "Fundi anakusubiri, mwambie umetoka kwangu." Alijibu baada ya dakika tano, safari hii kwa sauti ya kurekodi, na nyuma yake niliwasikia wateja wake wakibishana bei ya nguo.